Insha Iliyofika kwa Picha

Watoto wa shule wakiwa likizo, simu za walimu, wajomba na dada wakubwa hujaa picha za madaftari. Anayetuma huandika maneno machache tu: "Shikamoo mjomba, naomba unisahihishie insha yangu." Chini yake inakaa picha ya ukurasa mmoja, mara nyingi imepigwa usiku chini ya balbu, na kivuli cha mkono wa mpigaji kimelala katikati ya karatasi. Wengi wetu hukuza picha, tukaona neno limeandikwa vibaya, tukalitaja, tukaona la pili, tukalitaja, na baada ya dakika tano tunajibu: "Umejitahidi, ila rekebisha tahajia." Mtoto anasahihisha maneno sita, anainakili insha upya kwa mwandiko mzuri zaidi, na insha inabaki dhaifu vilevile.

Nitaueleza ukurasa mmoja wa aina hiyo kuanzia picha ilipofika. Aliyeuandika ni binti wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, mtoto wa dada yangu. Swali alilopewa kama zoezi la likizo lilikuwa hili: "Je, wanafunzi wa bweni waruhusiwe kuwa na simu? Jadili." Aliandika kwa kalamu ya wino wa bluu kwenye kaunta buku, mistari ishirini na kitu.

Kabla ya kusahihisha chochote niliinakili insha nzima kwa kuichapa, neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Kazi hiyo haizidi dakika kumi kwa ukurasa mmoja, na bila kuifanya ni rahisi sana kujidanganya. Jicho la mtu mzima aliyezoea kusoma humalizia maneno lenyewe: huona "asubui" likasoma "asubuhi" bila kusita. Vidole vinapochapa herufi moja moja, kosa haliwezi kupita. Ila lazima kwanza uzime ule usahihishaji wa maneno wa kwenye simu au kompyuta, kwa sababu utabadilisha makosa ya mtoto kimyakimya, au mbaya zaidi, utamwekea makosa ambayo si yake. Neno lisilosomeka liandike na alama ya kuuliza kwenye mabano, usilikisie.

Nakala yangu ilisomeka hivi:

"Simu ni chombo cha mawasiliano. Simu ziligunduliwa zamani na wazungu. Kuna aina nyingi za simu kama vile simu za kitochi na simujanja.

Kwanza simu inamsaidia mwanafunzi kuwasiriana na wazazi pindi anapougua. Pia simu inasaidia kutafuta masomo mtandaoni. Pia simu ina muziki. Ila simu zina aribu masomo kwasababu wanafunzi awarali usiku.

Mwaka jana katika shule yetu mwanafunzi mmoja wa bweni aliumwa usiku, matroni akawa ayupo, tukakosa namna ya kumpigia mzazi wake mpaka asubui. Kwa hiyo simu ni muhimu."

Hata kufika hapo kulihitaji uangalifu, maana picha huongeza makosa yake yenyewe. Nilipoitazama mara ya kwanza, "wazazi" ilisomeka "wazuzi". Dawa ya hilo ni kutafuta herufi ileile mahali pengine kwenye ukurasa, katika maneno usiyokuwa na shaka nayo. Nilitazama "chombo cha mawasiliano" na "aina", nikaona kwamba a ya binti huyu haifungiki juu; mkono wake huanza kuizungusha, ukaishia njiani. Basi ile si u, ni a yake ya kila siku, na tahajia haina kosa. Vivyo hivyo "muhimu" ilionekana kama "munimu", kwa sababu mguu wa h yake ni mfupi na kivuli kilikuwa kimepita juu yake. Ukimwambia mtoto amekosea "wazazi" na "muhimu" ilhali ameyaandika sawa, atashangaa, na kuanzia hapo hata masahihisho yako ya kweli atayatilia shaka. Kama mwandiko wenyewe haueleweki, hilo ni jambo la kumwambia pembeni, kwa jina lake: funga a zako. Si kosa la tahajia.

Pembe za picha nazo zilikuwa zimekatwa. Ukingo wa kushoto haukuonekana vizuri, na ukingo huo ndio unaoonyesha mahali aya mpya inapoanzia, kwani mwandishi wa mkono huingiza mstari wa kwanza ndani kidogo. Mstari wa mwisho nao ulikuwa nusu. Nilimwuliza maswali mawili kabla ya kusema neno lolote kuhusu insha: aya zako ni ngapi, na je, insha inaendelea nyuma ya ukurasa? Akajibu kwamba aya ni tatu na insha imeishia pale. Bila jibu hilo ningeweza kumlaumu kwamba hana hitimisho kumbe liko ukurasa wa pili ambao hakuupiga picha. Mpangilio wa insha hauwezi kuamuliwa kwa kipande.

Picha ya pili nilimwomba aipige mchana, karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni badala ya mgongoni kwake, simu ikiwa juu ya daftari sambamba na karatasi, pembe zote nne zionekane. WhatsApp hupunguza ubora wa picha ili ifike haraka. Ukiituma kama hati inafika ilivyopigwa, na herufi hazivurugiki unapokuza. Kama wino wa upande wa pili unaonekana kwa mbele, weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa kabla ya kupiga.

Picha hiyo ya pili ndiyo iliyonionyesha kitu ambacho insha iliyochapwa isingekionyesha kamwe. Katika nakala yangu nilikuwa nimeandika "zina aribu", maneno mawili, na nilikuwa tayari kumwambia kwamba kiambishi hakitenganishwi na kitenzi. Nilipokuza picha nzuri niliona kwamba ile nafasi katikati haikuwa nafasi. Kulikuwa na herufi iliyokatwa kwa mistari miwili myembamba, na chini ya mistari hiyo ilikuwa h. Binti aliandika "zinaharibu", akasita, akaifuta h. Kwa hiyo hakuwa na tatizo la kutenganisha maneno pale. Alikuwa na shaka na h, na shaka hiyo ilimshinda. Ndiyo sababu nawaomba wanafunzi wasisafishe ukurasa kabla ya kuupiga picha. Yale yaliyokatwa huniambia walipokuwa wanafikiri.

Sasa mpangilio, ambao ndio wa kuanza nao. Ukianza na tahajia, utasahihisha sentensi ambazo pengine zinapaswa kuondoka zote. Njia ninayoitumia ni kuandika pembeni mwa kila aya sentensi moja inayosema aya hiyo inafanya kazi gani katika kulijibu swali. Aya ya kwanza: inaeleza simu ni nini. Aya ya pili: inataja faida tatu na hasara moja. Aya ya tatu: inasimulia tukio la mgonjwa, kisha inasema simu ni muhimu. Ukisoma sentensi hizo tatu peke yake, unaona mara moja kwamba aya ya kwanza haijibu swali. Hakuna aliyeuliza simu ni nini. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba utangulizi ni maana ya neno lililo kwenye kichwa, na wataandika hivyo hata swali likiwa la kuruhusu au kukataa. Katika insha ya hoja, utangulizi unamwambia msomaji kuna ubishi gani na mwandishi amesimama upande upi. Binti huyu msimamo wake umejitokeza kwenye sentensi ya mwisho kabisa, na hata hapo umepinda kidogo: swali linauliza kama simu ziruhusiwe, yeye anajibu kwamba simu ni muhimu. Hayo ni mambo mawili. Gari ni muhimu, na bado hatuwapi watoto wa miaka kumi na sita waendeshe.

Jambo la pili la mpangilio ni kwamba kitu chenye nguvu kuliko vyote kimewekwa chini. Usiku ule wa mwanafunzi anayeumwa ni wa kweli, una mahali, una watu, na hakuna mwanafunzi mwingine atakayeuandika. Faida za mtandao na muziki kila mtu ataziandika. Kwa hiyo kuhusu mpangilio nilikuwa na mambo mawili tu ya kumwambia: anza na jibu, na tukio lipande juu.

Hoja ndiyo sehemu ngumu zaidi kuitolea maoni, kwa sababu ukiwa mtu mzima unaona haraka insha ingekuwaje kama ungeiandika wewe, na mkono unawasha kuiandika. Nilijiuliza badala yake: tukio hili linathibitisha nini hasa? Linathibitisha kwamba bweni linahitaji njia ya kumpigia mzazi usiku. Halithibitishi kwamba kila mwanafunzi awe na simu yake. Msomaji mbishi atasema, basi iwekwe simu moja kwa matroni, imetosha. Hapo hoja ya binti inaanguka, mpaka utakaposoma tena sentensi yake mwenyewe: matroni hakuwepo. Simu ya matroni usiku ule ingekuwa imefungiwa chumbani kwake. Jibu la pingamizi tayari limo ndani ya insha, mwandishi hajaliona tu. Kama ningemwandikia sentensi hiyo, ingekuwa sentensi yangu ndani ya daftari lake. Niliamua kumwuliza swali litakalompeleka huko.

Tena kuna ile hasara, wanafunzi kutolala. Ameiingiza mwishoni mwa orodha ya faida, kisha ameiacha pale bila kuijibu. Huo ni udhaifu wa kweli, ila sikuutaja kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi anayepewa mambo manane kwa mpigo huchagua yaliyo rahisi, na yaliyo rahisi siku zote ni tahajia.

Tukija kwenye tahajia yenyewe: maneno yenye kosa ni sita. Kuyazungushia yote sita na kuandika umbo sahihi juu yake hakumfundishi kitu, maana anachonakili ni mkono wako. Niliyapanga kwa sababu zake. "Kuwasiriana" ina r mahali pa l. "Kwasababu" imeunganishwa ilhali ni maneno mawili, ingawa mstari wa mwisho ameandika "kwa hiyo" vizuri kabisa. Yaliyobaki manne, "aribu", "awarali", "ayupo" na "asubui", yote yamekosa h, na "awarali" tena ina r mahali pa l. Kumbe mwanafunzi huyu hana matatizo sita. Ana tatizo moja kubwa na mengine mawili madogo.

Kubwa hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Wengi wetu wa bara hatuitamki h kwa nguvu, na mtoto huandika anavyosikia. Lakini katika Kiswahili h hubeba ukanushi. "Mwanafunzi hana simu" na "mwanafunzi ana simu" ni sentensi zinazopingana, na tofauti yake ni herufi hiyo moja. "Una ruhusa" na "huna ruhusa", vivyo hivyo. "Asubui" msomaji ataielewa tu, lakini siku binti atakapoandika "ana" akikusudia "hana", mtahini hatakuwa na njia ya kujua. Ndiyo maana nilichagua h peke yake, nikaziacha l na r zingoje.

Hata hivyo kwa ile "kuwasiriana" kulikuwa na njia fupi. Mstari wake wa kwanza kabisa una "mawasiliano", na l yake imekaa sawasawa. Nilimwonyesha maneno hayo mawili tu, akajua la kufanya.

Namna ya kurudisha maoni nayo ina mambo yake. Simu hukuruhusu kuchora juu ya picha kwa kidole, lakini mstari wa kidole ni mnene na hufunika mwandiko unaousahihisha, na ukurasa uliojaa wekundu haufunguliwi mara mbili. Mimi huweka namba tu pembeni mwa aya, 1, 2, 3, nikazungushia maneno machache, kisha maelezo nikayaandika chini kwa namba hizo. Ujumbe niliomtumia ulikuwa huu:

"Marahaba mwanangu. Nimeisoma insha yako yote. Tukio la usiku ule, aya ya 3, limenigusa. Nimebaki nataka kujua yule mwenzenu aliishia wapi. Lipandishe, lije mara tu baada ya utangulizi. Aya ya 1: swali linauliza waruhusiwe au wasiruhusiwe. Jibu lako ni lipi? Liseme kwa sentensi moja, uanze nalo. Aya ya 3 tena: mtu akikuambia, 'Simu moja ikae kwa matroni, inatosha,' utamjibu nini ukikumbuka usiku ule? Tahajia: maneno manne niliyoyazungushia yana ugonjwa mmoja. Utafute mwenyewe. Neno la tano, 'kuwasiriana', lilinganishe na 'mawasiliano' uliyoandika mstari wa kwanza. Usiandike insha yote upya. Niandikie aya ya 1 na ya 3 tu, unitumie picha."

Akauliza mara moja: "Mjomba, ningepata ngapi kwenye ishirini?" Sikumpa. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu alichapisha matokeo ya jaribio lililowagawa wanafunzi katika makundi: wengine walirudishiwa kazi ikiwa na maoni tu, wengine alama tu, wengine alama pamoja na maoni. Waliofanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata ni wale wa maoni tu. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika na maoni kama wenzao, alama iliyakandamiza. Shuleni alama hazikwepeki, na siku ya mtihani atazipata. Kwa ukurasa wa likizo uliotumwa kwa mjomba, hakuna anayezihitaji.

Siku mbili baadaye aya zake zilifika, safari hii kwa mwanga wa dirishani. Utangulizi ulikuwa sentensi mbili, na ya kwanza ilisema wanafunzi wa bweni waruhusiwe simu za kitochi, zisizo na mtandao. Hilo sikuwa nimelipendekeza. Kwa kubana dai lake aliondoa mwenyewe sehemu ya ile hasara ya kutolala ambayo sikuitaja, kwa sababu simu ya kitochi haimkeshezi mtu kwenye video. Katika aya ya tukio aliongeza kwamba simu ya matroni isingesaidia kitu, kwani chumba kilikuwa kimefungwa na yeye hakuwepo. Kwa kweli nilifurahi sana kuisoma.

H nazo zilirudi: "asubuhi", "hayupo", "hawalali". Lakini ziliingia na mahali pasipo pake. Aliandika "mwanafunzi hanaumwa" akimaanisha anaumwa, na "simu hinasaidia". Hili hutokea karibu kila mara mtu anapoambiwa ameacha herufi fulani; huanza kuimwaga kila mahali. Ukiliona usirudi nyuma, na usimwambie amezidisha, ukaishia hapo. Mpe kipimo. Kwa kiambishi kilicho mwanzoni mwa kitenzi, ajiulize: je, ninakanusha? Anaumwa kweli, basi hakuna h. Hayupo, basi h ipo. Kipimo hicho kina mipaka ambayo lazima aambiwe. Kuna hu ya mazoea, kama "mwanafunzi hulala saa nne", ambayo ina h na haikanushi kitu. Na kuna h iliyo ndani ya neno lenyewe, kama haribu, asubuhi, muhimu. Hiyo haina kanuni ya kuipima, inatafutwa kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu na kukaririwa.

Nimemwomba sasa aandike aya ya 2, ile ya faida, upya: achague faida moja tu, aipe mfano kama alivyofanya kwa tukio la bwenini, na ile ya muziki aiondoe. Akimaliza apitie vitenzi vyote kwa kalamu ya risasi, aweke alama ndogo juu ya kila kinachokanusha, kabla ya kupiga picha. Alama hizo asizifute. Nitaziangalia kwanza kuliko maneno yenyewe, maana pale ambapo alama ipo na h inayotakiwa haipo, nitajua ameteleza tu kalamu, na pale ambapo h isiyotakiwa ipo na alama haipo, nitajua bado hajaelewa.